Aliyenunua iliki, mwonyeshe unga: pendekezo kutoka kwa oda zako mwenyewe

Saa tatu asubuhi mteja wa Nyali ameagiza iliki na tui la nazi kutoka duka lako la mtandaoni, amelipa kwa simu, na boda ameshatoka. Saa tatu na dakika ishirini analipa tena: unga wa ngano, kwa sababu ya mahamri. Safari ya pili, nauli ya pili. Na huyo ni yule aliyerudi kwako, maana wengine humalizia shida zao Kongowea.

Ndiyo maana maduka makubwa ya mtandaoni huweka kisanduku cha "Hununuliwa pamoja" chini ya kila bidhaa. Hesabu yake si mpya. Mwaka 1993 Rakesh Agrawal na wenzake wawili wa IBM waliandika namna ya kuichota kutoka kwenye rekodi za mauzo ya maduka. Kwa duka dogo, karatasi ya hesabu kwenye kompyuta yatosha.

Tuanze na kosa tunaloulizwa sana. Taarifa ya malipo yako haitakusaidia peke yake. Inaonyesha shilingi zilizoingia na saa, lakini haijui kama zile 850 zilikuwa za mchele au za viungo. Unachohitaji ni orodha ya oda zenyewe, na kazi ya taarifa ya malipo ni kuisafisha. Oda ambayo mteja hakuweka PIN, ikabaki bila kulipwa, itoe. Aliyejaribu mara mbili akalipa mara moja, hesabu moja. Na yule wa unga wa dakika ishirini baadaye? Ziunganishe ziwe oda moja, kwani jozi unayoitafuta ndiyo hiyo. Ukishaunganisha, futa nambari za simu kwenye karatasi hiyo. Hesabu haizihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka usitumie taarifa za mteja zaidi ya unavyohitaji.

Sasa kila oda iwe mstari mmoja, kila bidhaa safu moja. Andika 1 ikiwa imenunuliwa, 0 ikiwa haikununuliwa. Tuseme una oda 400 za miezi minne, iliki iko safu C na unga safu D. Oda zenye vyote viwili ni:

```
=COUNTIFS(C2:C401,1,D2:D401,1)
```

Tuseme jibu ni 18. Ukijaribu iliki na mchele, unapata 24. Wengi wangesimama hapo na kuweka mchele kwenye kisanduku. Ngoja kwanza.

Mchele uko kwenye oda 240 kati ya 400, yaani asilimia 60. Iliki iko kwenye oda 40, na 24 kati ya hizo zina mchele: asilimia 60 vilevile. Kwa hivyo mwenye iliki hanunui mchele zaidi ya mtu mwingine yeyote. Unga uko kwenye oda 60 tu, asilimia 15, lakini kwa wenye iliki ni 18 kati ya 40, asilimia 45. Hiyo ni mara tatu ya kawaida. Mchele ulishinda kwa umaarufu tu; unga ndio unaofuatana na iliki. Gawa hivyo kwa kila jozi: ukipata karibu na 1, achana nayo.

Jozi iliyotokea mara mbili au tatu pia iache, hata kama hesabu yake ni kubwa. Familia moja yenye mazoea yake inaweza kukudanganya. Sisi tungeanzia oda tano kwenda juu. Na oda za Ramadhani zihesabu kando, la sivyo tende zitaonekana kwenye kila kitu hadi Desemba.

Kisanduku chenyewe kiwe na bidhaa moja au mbili, kionekane kabla ya mteja kuletewa ombi la kuweka PIN. Akishalipa umechelewa. Kisichokuwa stoo kisionekane; hakuna kinachoudhi kama kupendekezewa hamira halafu uambiwe imeisha. Wala usiongeze kitu kikapuni bila yeye kubonyeza, maana mteja akiona jumla imepanda ataghairi malipo yote.

Kujua kama kinafanya kazi, kiwashe siku moja, kizime siku inayofuata, hivyo hivyo kwa zamu, ili mishahara ya mwisho wa mwezi isipendelee upande mmoja. Kisha kati ya oda zenye iliki, linganisha ni ngapi zina unga kila upande. Kwa duka lenye oda kumi za iliki kwa mwezi, usitarajie jibu wiki ijayo. Mpe miezi mitatu, na wakati huohuo hesabu safari za pili za boda: hizo zikipungua, utaziona mapema zaidi.