Ripoti ya mkaguzi wa hesabu: kila aya inasema nini?

Tarehe mosi Machi mwaka 2017, wakaguzi wa kampuni ya KPMG walitia saini ripoti yao kuhusu hesabu za Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi na huduma iliyoorodheshwa katika soko la hisa la London. Maoni yao yalikuwa safi: hesabu za mwaka 2016, zilizoonyesha faida ya karibu pauni milioni 147 kabla ya kodi, zilikuwa za kweli na za haki.

Miezi minne baadaye, tarehe 10 Julai, Carillion ilitangaza kuwa imepunguza thamani ya mikataba yake kwa pauni milioni 845. Tarehe 15 Januari mwaka 2018 ikawekwa mikononi mwa mfilisi, ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7 na fedha taslimu milioni 29 tu.

Je, mjumbe wa bodi au afisa wa mikopo asiyekuwa mhasibu angeweza kuona lolote katika ripoti ile? Angeweza, lakini si katika aya ambayo wasomaji wengi huishia.

Imeandikiwa nani?

Ripoti huanza kwa kutaja inaoelekezwa kwao, na kwa kawaida hao ni wenye hisa wa kampuni. Maneno hayo si adabu ya barua tu.

Mnamo Februari mwaka 1990, katika kesi ya Caparo dhidi ya Dickman, mahakama ya Baraza la Malordi mjini London ilitoa uamuzi kuhusu wakaguzi wa kampuni ya Fidelity. Caparo ilidai kuwa ilinunua hisa ikitegemea hesabu zilizoonyesha faida ya pauni milioni 1.3, ilhali kampuni ilikuwa na hasara. Malordi walisema kuwa mkaguzi anawajibika kwa kampuni na kwa wenye hisa wote kwa pamoja, si kwa kila mwekezaji anayeisoma ripoti.

Kwa hiyo benki inayokopesha kwa kutegemea ripoti hiyo huenda isiwe na haki ya kumdai mkaguzi fidia. Ndiyo sababu mabenki huweka masharti yao wenyewe katika mkataba wa mkopo, na kudai hesabu mpya kila robo mwaka.

Maoni na msingi wake

Aya ya kwanza yenye uzito ni ya maoni, nayo huwa ya aina nne. Maoni safi ni yale ambayo nchini Tanzania huitwa hati inayoridhisha. Maoni yenye shaka husema hesabu ni sahihi "isipokuwa" katika jambo fulani. Maoni mabaya husema hesabu nzima inapotosha. Na mara nyingine mkaguzi hukataa kutoa maoni, kwa kuwa hakupata ushahidi wa kutosha.

Yakiwa si safi, sababu hutolewa katika aya inayofuata, yaani msingi wa maoni. Hapo msomaji atafute kiasi kinachobishaniwa, kisha akitoe kwenye faida aone kinachobaki. Nchini Kenya, mapema Aprili mwaka 2016, Chase Bank ilitoa hesabu zilizorekebishwa zenye maoni ya shaka. Wenye amana walikimbilia fedha zao, na tarehe 7 mwezi huo benki ikawekwa chini ya mrasimu.

Hata maoni safi yana mpaka wake. Mkaguzi husema hesabu hazina kosa "kubwa", na mara nyingi ukubwa huo hupimwa kwa takriban asilimia tano ya faida kabla ya kodi. Kwa faida ya pauni milioni 147, kipimo hicho kingekuwa kama milioni 7. Makosa yaliyo chini ya kiasi hicho yanaweza kubaki bila kuyaondolea maoni usafi wake.

Aya ya kuendelea na shughuli

Mkopeshaji angefanya vyema kuitafuta aya hii mapema. Ikiwa na kichwa kinachosema kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli, maana yake ni kwamba kampuni huenda ikashindwa kulipa madeni yake. Maoni yanaweza kuwa safi na bado onyo hilo likawamo.

Lakini kutokuwapo kwa onyo si dhamana. Nchini Uingereza wakurugenzi hutazama mbele angalau miezi 12 tangu siku ya kuidhinisha hesabu. Ripoti ya Carillion haikuwa na onyo hilo, na kampuni ilianguka kabla miezi 11 haijatimia.

Mambo makuu ya ukaguzi

Tangu mwaka 2013, ripoti za makampuni makubwa katika soko la London hueleza sehemu zilizompa mkaguzi kazi ngumu zaidi. Kanuni za kimataifa zikafuata, kwa makampuni yaliyo katika masoko ya hisa, kuanzia hesabu za miaka iliyoishia katikati ya Desemba mwaka 2016 na baadaye.

Kwa Carillion, mkaguzi alitaja mapato ya mikataba, na pia thamani ya ziada iliyolipwa wakati wa kununua makampuni mengine. Ziada hiyo ilikuwa karibu pauni bilioni 1.6, zaidi ya mara mbili ya mali yote ya kampuni baada ya kutoa madeni.

Kwa nini mikataba? Chukua mfano wa jengo la pauni milioni 100 linalotarajiwa kugharimu milioni 90. Zikitumika milioni 45, kazi huhesabiwa kuwa imefika nusu, na kampuni huandika faida ya milioni 5. Makadirio ya gharama yakipanda hadi milioni 110, mkataba huwa wa hasara ya milioni 10, nayo huandikwa yote mara moja. Faida ya milioni 5 inafutika na hasara ya milioni 10 inaingia: tofauti ya milioni 15, ingawa hakuna tofali lililoanguka.

Mkaguzi anapotaja jambo kama hilo hasemi kuwa kuna kosa. Anasema kuwa hapo faida inategemea makadirio ya wakurugenzi. Mjumbe wa bodi angeuliza: ni mikataba ipi, ni kiasi gani cha mapato ambacho mteja bado hajakikubali, na gharama zikizidi kidogo faida itabaki ngapi? Pigo la Julai mwaka 2017 lilitokea hapo hapo kwenye mikataba.

Kwa upande wa wakaguzi, mwezi Oktoba mwaka 2023 baraza linalosimamia kazi yao nchini Uingereza liliitoza KPMG faini ya jumla ya pauni milioni 21 kwa kasoro katika ukaguzi wa Carillion.

Majukumu, sahihi na tarehe

Aya za mwisho, zinazoeleza wajibu wa wakurugenzi na wa mkaguzi, hufanana karibu katika kila ripoti. Zinakumbusha kuwa waliotayarisha hesabu ni wakurugenzi, na kwamba mkaguzi alipima sehemu tu ya miamala.

Tarehe chini ya sahihi, hata hivyo, isirukwe. Ni mpaka wa yale mkaguzi aliyoyajua. Iliyochelewa kuliko miaka iliyopita huashiria kuwa kulikuwa na mabishano au hati zilizokosekana, na mkopeshaji ana haki ya kuuliza ni yapi. Na kama imepita miezi kadhaa tangu siku hiyo, basi kabla ya kuidhinisha mkopo aombe hesabu za miezi iliyofuata.