Kodi ya Miezi Sita, Ukarabati wa Awamu Tatu

Dalali akishakabidhi funguo, mpangaji wa Dar es Salaam aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mpigo hubaki na pesa kidogo na kuta zenye alama za misumari ya waliomtangulia. Tuchukue chumba na sebule, kila kimoja mita 3 kwa 3, na mpangaji mwenye laki tatu mkononi.

Wengi hukimbilia sofa. Lakini kazi ya kuta hufanywa kabla vyombo havijaingia, na awamu ya kwanza huanzia kwenye unyevu. Rangi ikibabuka karibu na sakafu na ukuta ukitoa chumvi nyeupe, kupaka rangi juu yake ni hasara: baada ya mvua itavimba na kudondoka tena. Kuna kipimo rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, kisha usubiri siku mbili. Matone yakijitokeza upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta, pengine kwa bomba linalovuja au msingi unaonyonya maji. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Yakijitokeza upande wa chumbani, hewa haizunguki. Fungua madirisha na usisukume kabati hadi ukutani.

Ukuta ukiwa mkavu, piga hesabu ya rangi kabla fundi hajakupigia yake. Kuta nne za chumba hicho, zenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, zina kama mita za mraba 29. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili inataka lita 6. Vyumba vyote viwili ni lita 12. Ndoo ya lita 20 itabakiza nyingi.

Tuseme rangi na ufundi vimekula laki moja na ishirini. Akikaa mwaka mzima, ni kama ameongeza kodi yake kwa elfu kumi kila mwezi. Akihama baada ya miezi sita, ni elfu ishirini. Hesabu hii ndiyo inayoamua kila kitu kitakachogandishwa kwenye nyumba ya mtu.

Kwa hiyo awamu ya pili iwe ya vinavyohamishika: mapazia, rafu za kusimama, kapeti la plastiki lililotandikwa bila gundi, balbu za LED. Balbu ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na siku ya kuhama unaifungua unaondoka nayo.

Makabati ya jikoni na vigae vya bafuni ni awamu ya tatu, na visianzwe kabla mkataba haujahuishwa. Hapo zungumza na mwenye nyumba gharama ikatwe kwenye kodi ijayo. Akikubali kwa mdomo, mwombe aandike na kusaini kabla hujanunua hata kigae kimoja.