Video Fupi za Kuita, Ndefu za Kukalisha: Hesabu za Jikoni Stockholm

Shangazi yangu anakaa Tensta, kaskazini-magharibi ya Stockholm, na anapika mbele ya simu. Kazi ya kukata na kupandisha video ni yangu. Karibuni alitaka tuache zile ndefu kabisa.

"Mwanangu, hizi fupi ndo watu wanaziona. Dakika kumi na nane za mkate wa kumimina, za nini?"

Ukitazama namba, anaonekana ana haki. Lakini tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu video fupi ya wima kuwa imetazamwa pale tu inapoanza kucheza. Mtu akiipitisha kwa kidole mara moja, naye yumo.

Tena Shangazi anataka chaneli imlipe, na hapo fupi na ndefu hazihesabiwi sawa. Ili upate sehemu ya mapato ya matangazo, uwe na wafuasi 1,000, halafu utimize moja kati ya mawili: video ndefu zitazamwe saa 4,000 ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Muda ambao watu wanatazama fupi kwenye mfululizo wa kupitisha kwa kidole hauingii katika zile saa 4,000.

Milioni 10 kwa siku 90 ni zaidi ya 111,000 kila siku. Kwa chaneli ya Kiswahili, hiyo si kazi ndogo. Saa 4,000 nazo ni dakika 240,000: kila anayefungua akikaa dakika 6, tunahitaji kufunguliwa mara 40,000 kwa mwaka. Mlima pia, ila huu unapandika.

"Haya, na hizo fupi sasa zina kazi gani?" akauliza.

Zina kazi ya kuita. Kwenye YouTube Studio unafungua video fupi, unakwenda `Related video`, unachagua ile ndefu, unahifadhi. Mtazamaji anaona jina la video ndefu chini ya kioo, anagusa, anaingia. Ukiandika kiungo kwenye maelezo au maoni ya video fupi hakifunguki. Kilizimwa tangu tarehe 31 Agosti 2023.

Shughuli kubwa ni kukata. Kipande kinachokimbiza mkate mzima, toka mchele kulowekwa hadi kisu kukata, kinapendeza kweli, lakini kinashibisha. Aliyekiona hana sababu ya kugusa chochote. Basi kabla ya kukata huwa natazama mchoro wa video ndefu unaoonyesha watu wanabaki wapi na wanaondoka wapi. Mahali mstari unapopanda, watu wamerudi nyuma kutazama tena.

Kwenye mkate wa kumimina mstari ulipanda pale Shangazi anapofunua bakuli kutazama mapovu. Watu wanataka kujua unga umeumuka kiasi gani, maana ukipitiliza mkate unashuka katikati. Nikakata sekunde 40 hapo: mapovu ya kutosha na mapovu yaliyozidi, bakuli mbili kando kwa kando. Mtazamaji anaondoka na jambo moja kamili, huku vipimo vya tui, hamira na ute wa yai vikimsubiri kwenye ndefu.

Hatupigi picha mara mbili. Mwezi wa Desemba jua hapa linazama kabla ya saa tisa alasiri, mwanga wa dirishani hausubiri mtu. Simu tunailaza, tunapiga kwa 4K, yaani upana wa pikseli 3,840 na kimo cha 2,160. Kipande cha wima kinachukua upana wa 1,215 tu, karibu thuluthi ya katikati, na kinatosha kwa video fupi ya 1,080 kwa 1,920. Sharti bakuli na mikono vikae katikati. Shangazi akisogea kuchukua hiliki pembeni, kwenye kipande cha wima hayupo.

Kuna mtego mwingine. Aliyegusa kiungo anaingia mwanzo wa video ndefu, na mapovu aliyoyafuata yako mbele huko. Akikuta salamu ndefu, anatoka. Dalili yake ni mstari kuporomoka ndani ya sekunde 30 za kwanza. Kwa hiyo tunaanza na mkate ulioshuka, salamu fupi baadaye, na kwenye maelezo tunaweka sura:

```
0:00 Mkate ulioshuka
1:10 Kusaga mchele
6:30 Kuumua
13:20 Kuoka
```

Sura ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10.

Baada ya wiki namtazamia Shangazi vitu viwili tu: video ndefu imefunguliwa mara ngapi tangu fupi ilipotoka, na wastani wa dakika ambazo watu wamekaa. Milango ikiongezeka na dakika zikashuka sana, basi kipande kimeahidi kitu ambacho ndefu imechelewa kukitoa, na hapo nabadilisha kipande, si mkate.