Saundiba Inaponyamaza Picha Ikiendelea

Saundiba, ile spika ndefu inayolazwa chini ya runinga, hupokea sauti ya runinga kwa waya mmoja. Waya huo unaweza kuwa wa mwanga, unaochomekwa kwenye tundu lililoandikwa OPTICAL, au wa HDMI, ambao hufanya kazi hiyo ukiwa tu kwenye tundu la runinga lenye maandishi ARC au eARC. Picha ikionekana vizuri huku spika ikiwa kimya, lawama huiangukia spika kwanza, mara nyingi kwa kuonewa. Inatosha kuiunganisha na simu kwa bluututhi na kucheza wimbo wowote. Wimbo ukisikika, spika ni nzima na hitilafu iko njiani.

Waya wa mwanga una wema mmoja: unakubali kuchunguliwa. Ukichomolewa upande wa saundiba runinga ikiwa imewaka, ncha yake huonyesha nukta nyekundu. Pakiwa na giza, huenda waya ulikunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati ukakatika ndani, au haukuingia vizuri kwenye runinga. Kuna pia kikofia cha plastiki angavu kinachofunika ncha za waya mpya. Ni kidogo mno, na wapo wanaouchomeka waya nacho.

Nukta nyekundu, hata hivyo, inathibitisha tu kwamba kuna kitu kinatumwa, wala si kwamba saundiba inakielewa. Hapo ndipo ilipo hitilafu inayowachanganya watu kuliko zote. Tuseme king'amuzi kimeunganishwa na runinga, na runinga imeunganishwa kwa waya wa mwanga na saundiba ya bei nafuu. Taarifa ya habari inasikika bila shida. Mtazamaji anahamia chaneli ya filamu: kimya. Anarudi kwenye habari, sauti nayo inarudi. Waya mbovu haubagui chaneli namna hiyo. Kinachotokea ni kwamba habari zinarushwa kwa sauti ya njia mbili, ambayo runinga huipeleka kwa mfumo wa PCM unaoeleweka na kila saundiba, ilhali filamu inakuja na Dolby Digital, sauti iliyofungwa kama furushi. Saundiba isiyojua kulifungua furushi hilo hunyamaza.

Dawa yake iko kwenye menyu ya sauti ya runinga, penye Digital Audio Output au jina linalofanana nalo. Palipo na Auto, Bitstream au Pass-Through pawekwe PCM, ili runinga ifungue furushi yenyewe. Kama kimya kinaendelea, badiliko hilohilo lifanywe kwenye menyu ya king'amuzi. Kinachopotea ni sauti ya kuzunguka chumba, ambayo saundiba ya njia mbili haikuwa nayo tangu mwanzo.

HDMI ina tabia nyingine. Kwa kawaida waya wake huingiza picha na sauti kwenye runinga. ARC, iliyokuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, hurudisha sauti kinyumenyume kutoka runinga hadi saundiba. Kabla ya hapo vifaa viwili hivyo hupeana amri kwa HDMI-CEC, na CEC ikizimwa, mara nyingi ARC nayo hufa. Kuitafuta kwenye menyu kunasumbua kwa sababu kila kampuni imeibatiza: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SIMPLINK, na Sony BRAVIA Sync.

Dalili ya maelewano yaliyovunjika ni sauti iliyokuwepo jana na leo haipo, bila mtu kugusa waya, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi. Kuzima kwa rimoti hakusaidii sana, kwa kuwa vifaa husinzia tu na kuamka na mkwamo uleule. Vyote viwili vichomolewe ukutani kwa dakika chache, kisha runinga ianze, na picha ikishatokea ndipo saundiba iwashwe. Baada ya hapo iangaliwe kama runinga haijarudi kwenye spika zake za ndani. Ikiwa sauti inakatika mara kwa mara kwenye eARC, kuizima eARC hurudisha ARC ya kawaida, ambayo haibebi sauti nzito kama za mwenzake, lakini mara nyingi hutulia.

HDMI ikikataa kabisa, waya wa mwanga unabaki kimbilio, mradi saundiba nayo ihamishwe kwa rimoti yake hadi OPT au D.IN. Kwa waya huo rimoti ya runinga kwa kawaida haipandishi sauti ya saundiba. Hiyo si hitilafu: mwanga unakwenda upande mmoja, na haubebi amri.