Zinki Ikionekana Kwenye Damu, Imetoka Wapi?

Mwaka jana dada yangu aliacha kumpaka mwanawe losheni ya jua. Mtoto ana miaka 7 na ana ualbino, na kwake losheni ile ni kama viatu kwa mtu apitaye penye miiba. Lakini mama alikuwa amesikiliza sauti iliyosambazwa kwenye simu, ikionya kwamba losheni za siku hizi zina zinki iliyosagwa ikawa chembe ndogo mno, za nano, na kwamba chembe hizo hupenya ngozi zikaingia mwilini. "Kaka, hawa si waganga wa mitaani," aliniambia. "Wanasayansi wamepima watu, wameikuta kwenye damu." Nilipofika kwake nilimkuta mtoto mabega yamewiva kwa jua, na juu ya sikio la kushoto ngozi imeanza kutoa magamba makavu, yale ambayo madaktari wa ngozi huwa hawayapuuzi kwa mtu mwenye ualbino.

Nilirudi nyumbani nikatafuta huo utafiti. Upo, tena ni utafiti mzuri. Zinki ilionekana kweli kwenye damu ya watu waliopakwa losheni. Sauti ile ilipotoka ni pale ilipoeleza maana ya jambo hilo.

Oksidi ya zinki si kitu kigeni majumbani mwetu. Ndiyo poda nyeupe iliyomo kwenye kalamaini tunayopaka vipele, na kwenye krimu nzito ya mtoto aliyechubuliwa na nepi. Ina sifa moja adimu: hunyonya miale ya urujuanimno, ile inayounguza na ile inayoingia ndani zaidi, yote kwa pamoja. Tatizo lake ni weupe. Chembe za kawaida za poda hii huurudisha mwanga unaoonekana, kwa hiyo ukijipaka unabaki kama umemwagiwa unga. Wachezaji kriketi wa Australia waliizoea kwenye pua zao, lakini kwenye ngozi nyeusi huacha rangi ya majivu ambayo hakuna mtu angependa kwenda nayo kazini. Viwanda vikaisaga. Chembe ikishuka chini ya nanometa 100 mwanga wa kawaida hupita bila kurudishwa, weupe hufifia sana, na kinga ya miale mikali hubaki. Kwa kulinganisha, unene wa unywele mmoja ni kama nanometa 80,000.

Hofu ilizaliwa na udogo huo. Chembe ndogo kiasi hicho, watu waliuliza, si itapenya popote? Swali halikuwa la kipuuzi, kwa sababu seli hai zikiwekwa kwenye kisahani cha maabara na kumwagiwa chembe za oksidi ya zinki, hudhurika, na nyingine hufa. Lakini seli za kisahani zimelala uchi, hazina cha kuzisitiri. Seli zetu zimefunikwa. Ukioga ukajisugua kwa dodoki, zile nongo zinazovingirika chini ya kiganja ni sehemu ya kifuniko hicho: seli zilizokufa, bapa, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama vigae, na katikati yake mafuta yanayoziba nyufa. Kifuniko chote ni chembamba kuliko karatasi, nacho hubanduka kidogo kidogo kila siku na kuzaliwa upya kutoka chini. Kwa hiyo suala zima ni hili moja: je, chembe ya zinki hukivuka kifuniko hicho na kuzifikia seli zilizo hai?

Kulijibu ni kugumu kwa sababu mwili wenyewe umejaa zinki. Mtu mzima ana kama gramu 2, na kila siku huongeza nyingine kwa nyama, maharage na nafaka. Ukimpima damu ukakuta zinki, utajuaje kama imetoka kwenye losheni au kwenye maharage ya jana?

Profesa Brian Gulson wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, na wenzake walilitatua hilo kama mwenye duka anayeshuku kuibiwa: weka alama kwenye noti, kisha uone zitatokea mfuko gani. Zinki ya asili ni mchanganyiko wa aina 5 zilizo sawa kwa tabia, zinazotofautiana kwa uzito tu. Mojawapo, zinki-68, ni chini ya moja ya tano ya zinki yote duniani. Watafiti walitengeneza losheni ambayo zinki yake ilikuwa karibu yote ya aina hiyo. Haina mnururisho wala madhara yoyote ya ziada, ila mashine ya kupimia uzito wa atomu huitambua mara moja. Damu ikionyesha zinki-68 imezidi kiwango chake cha asili, ziada hiyo imetoka kwenye losheni na si kwingineko.

Watu 20 walipelekwa ufukweni, kwenye jua la kweli. Walipakwa mara 2 kwa siku kwa siku 5 mfululizo, wengine losheni yenye chembe za nanometa kama 19, wengine yenye chembe kubwa zinazozidi nanometa 100. Damu na mkojo vilichukuliwa kabla, wakati wa jaribio na siku kadhaa baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Zinki yenye alama ilionekana kwenye damu na mkojo, ikiongezeka polepole, na kwenye damu iliendelea kupanda hata baada ya upakaji kukoma. Ilionekana kwa makundi yote mawili, hata kwa waliopakwa chembe kubwa, ingawa wanawake waliotumia chembe za nano walielekea kuwa na kiwango cha juu zaidi kwenye mkojo.

Hapo ndipo sauti ya kwenye simu iliposimama, na hapo ndipo mtu anapaswa kuuliza: kiasi gani? Baada ya siku 5, zinki yenye alama ilikuwa kama sehemu moja katika elfu ya zinki yote iliyomo kwenye damu. Tufanye hesabu pamoja. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na kila lita ina zinki kama miligramu 6, jumla miligramu 30. Sehemu moja ya elfu ya hizo ni miligramu 0.03. Mwili unahitaji kama miligramu 8 hadi 11 kila siku kutoka kwenye chakula. Kilichokuwa kikizunguka kwenye damu baada ya siku 5 za kupakwa losheni ufukweni ni pungufu ya sehemu moja kati ya 250 ya zinki inayohitajika kwa siku moja tu.

Swali la pili ni zito zaidi: kilichoingia ni chembe yenyewe, au ni zinki iliyoyeyuka? Donge la chumvi haliwezi kupita kwenye kitambaa, lakini likilowa maji ya chumvi hupita. Ngozi na jasho vina uchachu kidogo, nao huyeyusha oksidi ya zinki taratibu. Zinki iliyoyeyuka ni ileile mwili unayoijua kutoka kwenye maharage, unaitumia na ziada unaitoa. Chembe nzima ndiyo inayotisha. Kipimo cha Sydney huhesabu atomu tu, hakioni kama zilifika zikiwa donge au zikiwa zimeyeyuka, na watafiti wenyewe walilisema hilo waziwazi kwenye ripoti yao. Wengi waliosambaza habari zao waliliruka.

Jibu lililokuwa linakosekana lilikuja mwaka 2019, pia kutoka Australia. Kundi la Yousuf Mohammed na Michael Roberts lilitumia darubini ya leza inayoweza kuchungulia ndani ya ngozi ya mtu aliye hai bila kumkata. Oksidi ya zinki humulika yenyewe ikipigwa na leza hiyo, kwa hiyo chembe huonekana palepale zilipo. Watu 5 waliojitolea walipakwa chembe za nano, kila saa kwa saa 6, na pia kila siku kwa siku 5. Chembe zilionekana juu ya ngozi, zimejikusanya kwenye mikunjo na mifereji midogo, zimenaswa kwenye lile tabaka la nongo. Chini yake, kwenye seli hai, hazikuwepo, na seli zenyewe hazikuonyesha dalili ya kudhurika. Katika vipande vya ngozi vilivyochunguzwa maabara, zinki iliyoyeyuka iliongezeka kidogo tu. Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja, zinaelezana: kinachoifikia damu, kwa maoni yangu na ya wengi wanaoifahamu kazi hii, ni zinki iliyoyeyuka, na donge hubaki nje.

Na ngozi iliyoungua je, kama ya mpwa wangu? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliiunguza ngozi ya nguruwe, ambayo hukaribia sana ya binadamu, kwa miale ya urujuanimno, kisha wakaipaka losheni. Zinki ilibaki kwenye tabaka la nje. Hata hivyo ngozi iliyoungua si kidonda kilicho wazi. Palipochunika hapana kifuniko tena, na hapo losheni yoyote haifai. Pia nisifiche kwamba watu 5 ni wachache, walikuwa vijana wenye afya, na siku 5 si miaka 20 ya kupaka kila asubuhi. Ushahidi una mipaka hiyo, lakini wote unaelekea upande mmoja.

Kuna mlango mmoja ambao hauna kifuniko: mapafu. Mafundi wa kuchomea vyuma wanalijua hili. Anayechomea mabomba ya mabati, yaliyopakwa zinki, bila kujikinga hulala usiku akitetemeka kwa homa, kisha huambiwa anywe maziwa. Ile ni oksidi ya zinki iliyovutwa kwa pumzi. Ndiyo maana kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2012, ilikubali chembe za nano za zinki hadi asilimia 25 kwenye losheni ya kupaka, lakini ikazikataa kwenye bidhaa za kupuliza. Bidhaa zinazouzwa huko lazima ziandikwe neno nano ndani ya mabano baada ya jina la kiungo, kwa hiyo kopo lililotoka Ulaya unaweza kulisoma mwenyewe.

Dada nilimweleza hivyo, tukiwa tumekaa na chupa mezani. Sikio la mtoto tulilipeleka kliniki ya ngozi kwanza. Losheni ameirudia, ya kupaka kwa mkono, kwa wingi, na tena kila baada ya saa 2 mtoto akiwa nje, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Nawe kama una mtoto kama huyu, mpake. Ila ya kupuliza iliyo na zinki iache dukani.