Mtoto Mwenye Haya: Mdahalo au Sataranji?

Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe wa kidato cha kwanza haongei darasani, wazo la kwanza huwa ni kumwingiza klabu ya mdahalo akazoee kuongea. Mwalimu mpole naye huwaza kinyume: apelekwe kwenye sataranji, au chesi kama wanafunzi wengi wanavyoiita, maana huko halazimishwi kufungua mdomo. Wote wawili wameamua kabla ya kujua mtoto anaogopa nini.

Kwa Tanzania, jambo la kuchunguza kwanza ni lugha. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, na anapoingia sekondari anakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Midahalo ya shule nyingi nayo hufanywa kwa Kiingereza, makusudi, ili wanafunzi wakizoee. Kwa hiyo anayekaa kimya ukumbini huenda si mwoga wa watu hata kidogo. Anaogopa kukosea kitenzi akachekwa na kidato cha tatu. Huyu utamjua nyumbani. Akija mgeni anamkaribisha, anamsimulia mpira, anabishana na mjomba wake mpaka mama anamwambia anyamaze. Sataranji haitamsaidia na tatizo lake, hata akiipenda. Anahitaji mdahalo, na kama shule ina mdahalo wa Kiswahili, aanze na huo kisha ahamie ule wa Kiingereza akiwa tayari anajua kupanga hoja.

Yupo pia anayeongea vizuri akitaka, ila hapendi makundi. Huyo hana tatizo la kutibiwa, achague mwenyewe. Ugumu uko kwa mtoto wa tatu, yule ambaye hata dukani hutamani mdogo wake ndiye aulize bei. Anachoogopa ni macho ya watu. Tumfikirie binti wa aina hiyo, ambaye shule yake ina sataranji Jumatano na mdahalo Ijumaa.

Ningemwanzisha Jumatano. Sataranji ina maneno, tena ya lazima, ila ni machache na yameshapangwa. Mchezaji akigusa kete yake kwenye zamu yake ni lazima aicheze, kwa hiyo akitaka tu kuinyoosha ndani ya mraba wake, hutamka kwanza kwamba anaiweka sawa. Akitaka sare, lazima amwambie mpinzani. Akiona kanuni imevunjwa, husimamisha saa na kumwita mwamuzi, kisha hueleza kilichotokea. Hiyo ya mwisho ni hotuba fupi ya kudai haki, na mwenye haya huipata bila kuitafuta. Lakini faida kubwa iko baada ya mchezo, pale wawili waliocheza wanaporudisha kete na kuulizana: hapa uliona nini, mbona hukula farasi wangu? Macho yao yote yako ubaoni, hakuna anayemkodolea mwenzake, na kuna kitu halisi cha kuzungumzia. Klabu ambayo mwalimu wake hawaachi wanafunzi wafanye hivyo, mchezo ukiisha wanapanga kete upya na kuendelea, inampa mtoto huyu mahali pazuri pa kujificha tu.

Kuna mtego wa siku ya kwanza ambao umewafukuza wengi. Mwenyeji humwalika mgeni, anatoa askari wa mbele ya mfalme, anatoa askofu, anatoa malkia, na kwa hatua ya nne malkia anamla askari aliye kando ya mfalme na mchezo umekwisha. Waliozunguka meza wanacheka. Mwenye haya harudi Jumatano ijayo. Kinga yake hufundishwa nyumbani kwa dakika chache. Mpinzani akitoa askari wa mfalme, naye atoe wake hatua mbili. Akitoa askofu, yeye atoe farasi wa upande wa malkia, amlinde askari huyo. Malkia akija pembeni ya ubao, asukume hatua moja askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme, na malkia atalazimika kuondoka. Akirudi nyuma na kulenga tena palepale, farasi yule wa upande wa mfalme anatoka na kuziba njia. Mtoto akienda anajua hilo tu, siku yake ya kwanza inabadilika.

Uliza pia mashindano ya klabu yanaendeshwaje. Kama aliyefungwa mara moja anatolewa, binti wetu atacheza mchezo mmoja na kukaa kando. Kama walioshinda hupangiwa walioshinda na waliofungwa hupangiwa waliofungwa, kila mmoja hucheza raundi zote, na baada ya raundi mbili tatu atakuwa anakutana na wa kiwango chake. Hata hivyo kufungwa kwenye sataranji kunauma kwa namna ya peke yake. Hakuna timu, hakuna bahati ya karata. Kwenye mdahalo mkishindwa mnashindwa pamoja na mnanung'unikia majaji pamoja, jambo ambalo lina raha yake.

Baada ya nusu muhula, akishazoea mazungumzo ya ubaoni, aende Ijumaa pia. Asipelekwe kusema. Aombewe kazi ya kutunza muda: anakaa mbele, watu wote wanamwona, lakini wanachosubiri kutoka kwake ni kengele, moja ikibaki dakika moja na mbili muda ukiisha. Ndipo awe katibu, ambaye husoma kumbukumbu alizoandika mwenyewe. Kisha achangie kutoka ukumbini sentensi moja aliyoiandika kabla.

Siku ya kuwa msemaji ikifika, walimu wengi hufanya kosa kwa huruma: humweka msemaji wa mwisho, eti apate muda wa kutulia. Msemaji wa mwisho ndiye anayepaswa kuzijibu hoja za upande wa pili, hoja ambazo hakuzijua asubuhi, tena huku akitetemeka. Nafasi nyepesi ni ya kwanza kwa upande unaotetea mada. Hotuba yake karibu yote huandikwa na kufanyiwa mazoezi nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyesema kabla yake. Katika mfumo unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya shule za sekondari, hotuba kuu huwa ya dakika nane, na wapinzani wanaruhusiwa kusimama kuomba nafasi, mithili ya wabunge wetu wanapoomba kutoa taarifa. Ila hawaruhusiwi katika dakika ya kwanza wala ya mwisho, na katikati msemaji anaweza kumkatalia aliyesimama. Binti ajue hivyo mapema: ile dakika ambayo sauti hutetemeka zaidi inalindwa na kanuni.

Zipo shule ambazo mdahalo wake maana yake ni kumsimamisha mtu mbele ya mamia na kumzomea akikwama. Kaa ukumbini Ijumaa moja usikilize mwenyekiti anafanya nini msemaji anapopoteza neno. Asipowanyamazisha wanaocheka, muache mtoto abaki Jumatano, hata mwaka mzima.

Usimpime kwa woga, maana msemaji mzoefu pia tumbo humcheza kabla ya kusimama. Pima muda ambao woga unachukua. Mwanzoni utamkuta hali vizuri tangu Alhamisi usiku. Baada ya wiki kadhaa za kengele na kumbukumbu, woga huo unapaswa kuwa umesogea hadi Ijumaa mchana, kisha hadi zile dakika chache kabla ya kuitwa. Usiposogea, au ukianza kumjia tangu Jumatano, mrudishe kwenye kazi aliyokuwa nayo kabla, bila kumwambia ameshindwa, na ajaribu tena muhula ujao.