Njiti, Utosi na Milimita Zinazohesabiwa

Mtoto mchanga ana dirisha kichwani, nalo ni utosi. Mifupa ya fuvu bado haijaungana pale, hivyo mawimbi ya ultrasaundi hupita kwa urahisi. Daktari hupaka jeli kidogo, akaweka kifaa juu ya utosi, na baada ya muda mfupi vyumba vya ubongo vinaonekana kwenye skrini. Hakuna mionzi wala dawa ya usingizi, na mtoto hahitaji hata kutolewa kwenye kitanda chake cha joto.

Vyumba hivyo huwa na maji hata kwa mtoto mzima kiafya. Maji hutengenezwa humo kila siku, hupita kwenye njia nyembamba hadi nje ya ubongo, kisha hunyonywa na damu. Njia ikiziba, au unyonyaji ukidorora, vyumba hutanuka na kuukandamiza ubongo. Huo ndio ugonjwa ambao wengi huuita kichwa kikubwa, jina linalopotosha kidogo kwa sababu kichwa kwa kawaida huchelewa kukua kuliko vyumba vilivyo ndani yake.

Chukua mfano wa njiti aliyezaliwa katika wiki ya 30, akavuja damu ndani ya vyumba vya ubongo siku ya tatu. Mabonge ya damu yanaweza kuziba njia ya maji, kwa hiyo timu inaamua kumpima mara kwa mara. Kipimo kikuu ni kile alichokieleza daktari Mwingereza Malcolm Levene mwaka 1981: umbali kutoka mstari wa katikati ya ubongo hadi ukuta wa nje wa chumba cha pembeni. Kwa mtoto wa umri huu, mpaka wa juu wa kawaida ni kama milimita 11. Kipimo cha pili ni upana wa pembe ya mbele ya chumba hicho, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 3.

Siku ya 7 umbali ni milimita 12 na pembe ina upana wa 5. Siku ya 14 umefika 14 na 8. Siku ya 17 ni 16 na 11. Katika siku hizo zote za mwanzo utepe unaonyesha mzunguko wa kichwa ukiongezeka taratibu, na mama akimtazama mwanawe haoni tofauti. Ubongo wa njiti ni laini na kuna nafasi pembeni yake, hivyo vyumba hujitanua kwa kuuminya ubongo kwanza, na fuvu husukumwa baadaye. Anayesubiri utosi uvimbe au macho yaelekee chini amechelewa.

Hospitali nyingi zilizoea kuingilia kati umbali ukipita mpaka wa kawaida kwa milimita 4. Baadhi siku hizi huanza mapema zaidi. Hatua ya kwanza huwa kutoa maji mgongoni kwa sindano. Yakizidi kujaa, mtoto huwekewa kihifadhi kidogo chini ya ngozi ya kichwa, maji yawe yanavutwa hapo hadi apate uzito wa kuhimili upasuaji mkubwa.

Namba hizi lakini hudanganya kirahisi. Kifaa kikiinamishwa kidogo, mkato unakuwa wa mshazari na chumba kinaonekana kipana kuliko kilivyo. Ndiyo maana kila mara hupimwa pale pale, kwenye kitundu kinachounganisha chumba cha pembeni na cha katikati, na ikiwezekana na mtu yule yule. Utepe nao una mitego yake: kichwa kilichobanwa wakati wa kuzaliwa hubadilika umbo siku za kwanza, basi wazoefu hupima mara tatu na kuandika namba kubwa zaidi.

Wapo pia watoto ambao maji yameongezeka nje ya ubongo, chini ya fuvu, huku vyumba vikiwa vya kawaida au vimepanuka kidogo tu. Mara nyingi mtoto huyo anacheza vizuri, na mzazi wake mmoja naye ana kichwa kikubwa. Hali hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe kufikia umri wa miaka miwili, ingawa mzunguko wa kichwa huendelea kufuatiliwa.

Mashariki mwa Afrika, maambukizi ya utotoni ni chanzo kikubwa kuliko uvujaji wa damu. Daktari wa upasuaji Benjamin Warf, akiwa Mbale, Uganda, aliliona hilo na akaendeleza upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo pamoja na kuchoma tishu inayoyatengeneza, ili baadhi ya watoto wasihitaji mrija wa kudumu tumboni. Mrija huweza kuziba, na familia inayoishi mbali na hospitali hupata shida kumfikisha mtoto kwa wakati. Hata baada ya upasuaji, kwa hiyo, utosi ungali wazi vyumba hupimwa tena kwa ultrasaundi. Vikianza kupanuka upya, mtoto akatapika na kulala kupita kiasi, mrija au tundu limeziba hadi ithibitishwe vinginevyo.